Siku Sita Diani kwa Kiti cha Magurudumu: Ratiba Huanza na Mwezi

Mwambie wakala wa safari kwamba mnataka likizo Diani na mmoja wenu anatumia kiti cha magurudumu, naye ataanza kuwatafutia hoteli yenye lifti. Lifti si tatizo la Diani. Chumba cha chini hupatikana karibu kila mahali. Tatizo ni zile mita 20 hivi kati ya ngazi ya mwisho ya bustani na pale mchanga unapoanza kubeba gurudumu. Mita hizo hurefuka, hufupika, na siku nyingine hutoweka kabisa, kutegemea maji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya chumba, sisi huuliza mwezi uko tarehe ngapi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani hupata bamvua. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3 Mombasa na Diani. Wiki moja baadaye huja maji mafu, na tofauti hushuka hadi karibu na mita 1. Wavuvi wanalijua hilo bila kitabu. Ambacho msafiri wa kutoka bara hakijui ni kwamba saa nazo zina mpango. Siku za bamvua, maji hupwa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa 4 asubuhi na kupwa karibu saa 10 alasiri. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, pungufu kidogo karibu na bamvua na zaidi karibu na maji mafu.

Kwa mwenye miguu, haya ni mazungumzo ya baraza. Kwa mwenye kiti, ndiyo yanayoamua ataiona bahari akiwa ndani yake au akiwa juu ya ukuta wa hoteli. Alasiri ya bamvua, sehemu nyingi za Diani maji hufika hadi kwenye ukuta au mizizi ya miti, na ufuo wa kutembea haupo. Asubuhi ya siku hiyo hiyo maji yako mbali sana. Ukitaka kuogelea itabidi uvuke mchanga mkavu, kisha mchanga wenye maji, kisha majani ya bahari na mawe, na bado yatakufika magotini tu.

Kuna mambo mawili tofauti hapa, na watu huyachanganya. Kutembea ufuoni kwa kiti kunataka maji yanayopwa, saa mbili au tatu baada ya kujaa, kwa sababu maji yakirudi huacha ukanda wa mchanga ulioloa na kushikana. Kuogelea kunataka kinyume chake: maji yaliyojaa kiasi, yaliyo karibu, yasiyo na nguvu. Maji mafu hutoa hilo la pili kwa saa nzuri ya asubuhi. Bamvua hutoa la kwanza, tena mapema kabla jua halijawa kali. Likizo ya siku sita inaweza kupata yote mawili ikianza mwezi 19 na kuishia mwezi 24, kwa hesabu ya kalenda ya Kiislamu. Hiyo ndiyo tutakayoifuata hapa. Saa tunazotaja ni za kupangia tu. Saa kamili zitoke kwenye jedwali la maji la bandari ya Kilindini, linalotolewa na Halmashauri ya Bandari ya Kenya, ambalo Diani nayo hulifuata bila tofauti ya maana.

Siku ya kwanza, mwezi 19, ni ya njiani. Tunaichukulia familia inayotoka Nairobi: mama anayetumia kiti cha kusukumwa kwa mkono, kijana wake mkubwa, na binti. Treni ya asubuhi ya reli ya SGR huondoka Syokimau na kufika Miritini mchana. Mizigo hupangwa chini mstarini kukaguliwa na mbwa. Mto wa kukalia, hasa ule wa jeli au wa hewa, usiwekwe chini na mizigo mingine: ubaki kwenye kiti, chini ya mwenyewe. Njia ya kati ya viti ndani ya behewa ni nyembamba kuliko viti vingi vya magurudumu, na daraja la kawaida, lenye viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, ndilo linalobana zaidi. Omba nafasi iliyo karibu kabisa na mlango, hata kama dirisha lake si zuri. Kuingia, geuza kiti upite kinyumenyume, magurudumu makubwa ya nyuma yakitangulia. Pengo kati ya jukwaa na behewa halimezi gurudumu kubwa, lakini lile dogo la mbele hunasa na kumrusha aliyekaa.

Suala la choo lipangwe tangu nyumbani, si ndani ya treni. Anayetumia mpira wa mkojo aondoke na mfuko mtupu na mwingine wa akiba. Asiyetumia aende haja stesheni muda mfupi kabla ya kupanda. Kujinyima maji kutwa ili usihitaji choo ni kosa tunaloliona mara nyingi, na hulipiwa siku ya tatu kwa maambukizi ya njia ya mkojo, wakati bahari ndiyo kwanza imetulia.

Kutoka Miritini hadi Diani, zamani hapakuwa na njia ila kuingia kisiwani Mombasa na kuvuka kivuko cha Likoni. Sasa ipo barabara ya Dongo Kundu, inayoanzia upande huo huo wa Miritini, kupita juu ya madaraja na kutokea barabara ya Likoni na Ukunda. Mwambie dereva mapema kwamba mnapita Dongo Kundu, kwa sababu baadhi yao bado huelekea Likoni kwa mazoea. Ikiwa lazima mvuke kwa kivuko, mwenye kiti abaki ndani ya gari. Njia ya waenda kwa miguu ina mteremko mrefu, umati unashuka kwa kasi, na maji yakiwa yamepwa mteremko wenyewe hukaza. Msukumaji mmoja hawezi kuzuia kiti pale watu wakisukumana nyuma yake.

Gari lenyewe: wengi hudhani kubwa ndiyo bora, wakaagiza Noah. Kiti cha Noah kiko juu kuliko kiti cha magurudumu, kwa hiyo mtu huinuliwa badala ya kusogezwa. Probox, pamoja na dharau zote inazopata, ina kiti cha mbele kinachokaribiana kimo na kiti cha magurudumu, na nyuma inameza kiti kilichokunjwa na mbao zake. Ubao wa kusogelea ni kipande cha plaiwudi chenye urefu wa sentimita 75 na upana wa 25, kilichopigwa msasa hadi kikawa laini kama sinia. Ncha moja iwe chini ya paja, nyingine ndani ya kiti cha gari, breki za kiti zifungwe, halafu mtu asogee kidogo kidogo. Suruali yenye vifungo mfuko wa nyuma isivaliwe siku hiyo.

Chumba tumekwisha kukichagua kabla ya hapa, na si kwa kuuliza "mnapokea watu wa kiti cha magurudumu?" Jibu la swali hilo huwa ndiyo, kila hoteli, kila siku, kwa nia njema kabisa. Anayejibu anawaza kwamba vijana wake wawili watambeba mgeni. Omba picha tano kwa WhatsApp, kila moja ikiwa na futi ya kupimia ndani yake: upana wa mlango wa chumba, upana wa mlango wa bafu, kimo cha kitanda kutoka sakafuni hadi juu ya godoro, kizingiti cha mahali pa kuogea, na ngazi zote kutoka maegesho hadi chumbani. Mlango wa bafu ndio huharibu mambo. Kiti cha kawaida cha mtu mzima kina upana wa sentimita 62 hadi 68 ukihesabu zile rimu za mkono, na mlango mwembamba wa bafu huweza kuwa na 65 au hata 60. Ukipata sentimita 75 shukuru, 80 ni raha. Na bawa la mlango lipimwe likiwa wazi, kwani mlango usiofunguka hadi ukutani hula sentimita nne au tano za uwazi.

Kitanda nacho. Hoteli za pwani hupenda vitanda vya Kiswahili vya kuchonga, vya fahari na virefu, na godoro nene juu yake. Kiti cha magurudumu kina kimo cha kama sentimita 50. Kitanda cha 70 hakiendeki kwa ubao wa kusogelea, kwa sababu unapanda mlima. Mara nyingi fundi wa hoteli anaweza kuondoa godoro moja kati ya mawili, au kuhamishia kitanda cha kawaida kutoka chumba kingine, akiambiwa siku tatu kabla. Akiambiwa saa 3 usiku mmeshafika, hawezi.

Bafuni, kama hakuna kiti cha kuogea, omba viti viwili vya plastiki visivyo na mikono, uvipachike kimoja ndani ya kingine. Kimoja peke yake miguu yake hufunguka kwenye vigae vyenye sabuni, kisha hupasuka. Viwili hushikana na kuongeza kimo kidogo. Chini ya miguu yake tandika taulo nzee iliyoloa. Ngazi moja ya sentimita 15 mlangoni inahitaji ubao wenye urefu wa mita 1.8 ili mtu ajisukume mwenyewe, kwa ile kanuni ya sentimita 12 za urefu kwa kila 1 ya kimo. Kwa anayesukumwa na mtu mwenye nguvu, nusu ya urefu huo hutosha, ila kushuka kuwe kinyumenyume.

Mwezi 20, siku ya pili, maji hujaa mapema, karibu saa 1 asubuhi, na kuanza kurudi. Hii ni siku ya kutembea. Hakuna haja ya kukimbilia alfajiri. Kuanzia saa 3 ukanda wa mchanga ulioshikana unakuwa umejitokeza, na unadumu hadi saa 5. Baada ya hapo jua linakatisha tamaa hata kabla ya mchanga.

Mchanga wa Diani ni mweupe na laini kama unga wa ngano, ndiyo sifa yake, na ndiyo sababu kiti huzama. Uzito wote wa mbele hubebwa na magurudumu mawili madogo yenye upana wa vidole viwili. Yakizama sentimita tatu tu, kila msukumo kutoka nyuma huyazika zaidi. Wasukumaji wageni huongeza nguvu, kiti huinama mbele, na aliyekaa huangukia uso. Unachofanya ni kukiinua mbele hadi magurudumu madogo yakae hewani, kukigeuza kitazame hotelini, na kukivuta kinyumenyume kuelekea baharini kwa magurudumu makubwa peke yake. Kama matairi ni ya upepo, punguza upepo hadi dole gumba likibonyeza liingie kiasi, kisha beba pampu ya kurudishia. Matairi magumu ya mpira mtupu hayana dawa hiyo.

Kwa mita 5 au 6 kuvuta kinyumenyume kunatosha. Kwa mita 20 tunatumia mbao. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 9, ile ya mita 2.4 kwa 1.2, fundi huikata vipande vitatu vya sentimita 80 kwa 120. Kila kimoja kina uzito wa kama kilo 5. Toboa matundu mawili kwenye ncha moja na upitishe kamba iwe mshikio. Vipande vitatu hutandikwa kwa mfuatano, kiti kikipita cha kwanza, kile cha nyuma huokotwa na kupelekwa mbele. Mita 20 ni kutandika mara 17, na watu wawili waliokwisha kuzoeana humaliza kwa dakika kumi hivi.

Kuna jambo dogo hapo linalowashinda wengi. Ncha ya ubao unaofuata iingie chini ya ubao ambao kiti kiko juu yake, isilale juu yake. Ikilala juu, gurudumu dogo hukutana na ukingo wa milimita 9 na kukwama kama limegonga jiwe. Ikiwa chini, kiti hushuka kutoka ubao hadi ubao na hakuna anayehisi. Kwa hiyo ubao wa mbele uchomekwe kabla kiti hakijafika ukingoni, wakati ukingo ni mwepesi. Na mchanga uliorukia juu ufagiliwe kwa mkono kila mara, kwani mchanga juu ya plaiwudi huteleza kuliko sabuni.

Ukifika kwenye mchanga ulioloa, mbao ziachiwe mtu. Utajua uko mahali sahihi kwa kuangalia nyuma: alama ya tairi ikiwa na kina cha nusu sentimita au chini ya hapo, endelea. Ikizidi sentimita mbili, umepanda juu mno au umeshuka mno kwenye mchanga unaobubujika maji. Ufuo wenyewe umeinama upande wa bahari, kwa hiyo kiti kitavuta kuelekea majini muda wote, na bega la upande wa bahari ndilo huchoka. Wengi hugundua hilo wakiwa wameenda mbali, na kurudi huchosha bega la pili. Nenda nusu saa, rudi.

Vijana wa ufuoni watakuja, na kusema kweli wanafaa kuliko wanavyosifiwa. Patana nao bei ya asubuhi nzima, si ya safari moja, na uwaonyeshe pa kushika kabla hawajashika. Mikono ya kiti na sehemu za kukanyagia miguu hutoka, zimeundwa zitoke. Anayeinua kiti kwa kushika hizo hubaki nazo mkononi, kiti kikiwa chini. Washike bomba la fremu. Mwenye kiti ndiye ahesabu moja, mbili, tatu, kwa sauti yake mwenyewe.

Siku ya tatu, mwezi 21, tunaiacha iwe nyepesi kwa makusudi. Ngozi inahitaji siku hiyo. Mtu asiyehisi chini ya kiuno amekaa juu ya chumvi, jasho na chembe za mchanga, na vidonda vya kukalia huanza hapo. Usiku wa siku ya pili, baada ya kuoga, mwenzake amwangalie makalio, mifupa ya kukalia, visigino na mgongo. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, hutauona. Tafuta sehemu iliyo nyeusi kuliko jirani yake, iliyo na joto au ugumu ukiipapasa kwa mgongo wa mkono. Ikiwa bado iko hivyo baada ya nusu saa ya kutokaliwa, kesho yake mtu analala ubavu kivulini, ratiba au si ratiba. Kifuniko cha mto kifuliwe kwa maji baridi na kikauke kabisa, na ukikunja mchanga bado uko kwenye mshono, kifuliwe tena.

Kama ngozi ni salama, asubuhi hiyo panda gari hadi Msikiti wa Kongo, mwisho wa kaskazini wa Diani, mto unapoingia baharini. Gari hufika karibu, kuna mibuyu mikubwa ya kukaa chini yake, na bahari huonwa bila kuvuka mchanga mrefu. Chakula na dawa viwe ndani ya mkoba wenye zipu. Tumbili wa Diani hawatofautishi mfuko wa ndizi na mfuko wa vidonge, huchukua kwanza na kuchambua baadaye, juu ya mti.

Mwezi 22 na 23 ni siku za kuogelea. Maji mafu yameingia. Siku ya nne yanajaa mnamo saa 3 asubuhi, siku ya tano mnamo saa 4, na kwa kuwa tofauti yake ni ndogo hayana mkondo mkali. Mwamba wa matumbawe ulio mbali mbele huvunja mawimbi makubwa, kwa hiyo ndani yake maji hulala. Ingia nusu saa kabla ya kujaa, toka kabla hayajarudi sana.

Usiingize kiti cha kila siku majini. Kwa mita za mwisho tunatumia kiti cha plastiki chenye mikono, watu wawili wakikibeba, hadi maji yafike magotini mwao. Hapo miguu ya kiti itazama mchangani na kiti kitainama, kwa hiyo kisiwe cha kukaa, kiwe cha kupitia tu. Kutoka hapo mtu huhamia kwenye tyubu ya lori, zile zinazokodishwa ufuoni. Ni nzuri sana, ila zina mambo mawili. Vali yake ya chuma hutokeza upande wa ndani, na mgongo usiohisi huchanwa bila mwenyewe kujua. Igeuze ielekee nje ya mwili na uizungushie leso. Pili, mpira mweusi uliolala juani huunguza, kwa hiyo umwagie maji kwanza na uujaribu kwa upande wa ndani wa mkono wako.

Jaketi okozi livaliwe hata maji yakiwa ya kiunoni, na liwe lile lenye kola inayoshikilia kichwa. Miguu isiyo na nguvu hufanya mambo yake. Mingine huelea na kumpindua mtu kifudifudi, mingine hukakamaa ghafla kwa baridi ya maji. Mtu mmoja asimame upande wa kichwa muda wote na mikono yake iwe huru, asishike simu ya kupiga picha. Viatu vya majini au soksi nene ni lazima, kwa sababu mguu usiohisi hukwaruzwa na tumbawe au kuchomwa na wale viumbe wenye miiba myeusi, na damu ndiyo huleta habari.

Kwa aliyeumia uti wa mgongo kuanzia usawa wa chembe cha moyo kwenda juu, kuna hatari mbili za kujua. Ya kwanza ni joto: mwili hautoi jasho chini ya pale palipoumia, kwa hiyo haupoi wenyewe. Chupa ya kupulizia maji, kikoi kilicholoa shingoni, na kivuli kila baada ya dakika 20 hivi. Ya pili huja ghafla: kichwa kinagonga kwa nguvu, uso na shingo vinalowa jasho, shinikizo la damu linapanda. Mara nyingi chanzo ni mpira wa mkojo uliojikunja chini ya jaketi au kamba iliyobana. Mkalishe wima, legeza kila kilichobana, nyoosha mpira, toa mfuko uliojaa. Isipopungua baada ya dakika chache, ni ya kwenda hospitali sasa hivi, na mpeleke akiwa amekaa, asilazwe.

Jioni ya kila siku ya bahari kiti kina zamu yake. Chumvi na mchanga huingia kwenye beringi za magurudumu madogo, na kufikia siku ya tatu utasikia sauti kama ya kutafuna njugu. Lita 5 za maji matamu kwa kikombe zinatosha. Usitumie mpira wenye presha, maana husukuma mchanga ndani zaidi. Chomoa magurudumu makubwa kama yana ekseli za kubonyeza, futa ekseli kwa kitambaa kikavu, tia tone la mafuta, rudisha. Toa nywele na nyuzi zilizojizungusha kwenye magurudumu madogo. Beringi zake katika viti vingi ni zile zenye namba 608, gurudumu moja mbili, kwa hiyo nne za akiba hazijazi hata kiganja. Beba pia tyubu moja ya nyuma. Viti vingi hutumia 24 x 1 3/8, na fundi baiskeli wa Ukunda ataziba pancha bila shida, lakini tyubu ya saizi hiyo huenda asiwe nayo, kwa kuwa baiskeli anazozoea ni za gurudumu kubwa zaidi.

Alasiri ya siku ya tano tunahama kwenda kulala Mombasa, ili asubuhi ya treni isiwe ya mbio. Jioni hiyo ni ya bustani ya Mama Ngina, kando ya mlango wa Kilindini. Tangu ikarabatiwe mwaka 2019 ina njia pana zilizosakafiwa, na meli kubwa hupita karibu kiasi cha kuona watu walio juu yake. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, upepo, na kiti kinajisukuma chenyewe kwa mara ya kwanza baada ya siku nne za mchanga. Kama ni sehemu moja tu ya Mombasa mtu ataiona, tungechagua hiyo kuliko Ngome ya Yesu. Ngome, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ina mlango unaopanda juu ya mawe yasiyo sawa, na inataka wasukumaji wawili na subira. Uani ukishafika pana nafasi, lakini sehemu za juu na ngazi zake ni za kutazama kutoka chini.

Mwezi 24, kabla ya kwenda Miritini, rudisha upepo wa matairi. Ni jambo linalosahaulika na wengi kwa sababu kiti bado kinakwenda. Tairi legevu hulegeza breki, kwa kuwa breki ya kiti hubana tairi lenyewe, si rimu. Kwenye jukwaa la treni lenye mteremko kidogo, kiti "kilichofungwa breki" kitaanza kusogea polepole huku kila mtu akiangalia mizigo. Pampu, dole gumba likigoma kuingia basi inatosha, kisha funga breki na ukisukume kiti kitupu kwa nguvu kuona kama kinasimama.

Zile mbao tatu hazirudi Nairobi. Waachie vijana wa ufuoni, na uwaonyeshe tena ncha ipi huingia chini.